Rejista ya mbuzi: waandike na wale ambao hawakuchanjwa

"Shikamoo daktari. Nina mbuzi na ng'ombe wawili wa maziwa hapa Kongwa. Mwezi uliopita nilihesabu mbuzi nikapata 28, mwanangu akasisitiza kwamba lazima wawe 31. Afisa mifugo naye aliponiuliza nani wamechanjwa na nani bado, sikuwa na jibu, maana kwenye daftari niliandika tu 'mbuzi wamechanjwa'. Nataka nifungue rejista yenye namba, umri, chanjo, mauzo na vifo. Niipange vipi, na niandike kwenye daftari au kwenye simu?"

Marahaba, ndugu yangu. Chukua kauntabuku ya kwaya tatu na kalamu ya wino. Simu nitaifikia baadaye.

Ligawe daftari sehemu tatu. Ya kwanza ni orodha ya wanyama, kila mbuzi na mstari wake mmoja ambao ni wake tangu anaingia hadi anatoka. Ya pili ni matukio, yanayoandikwa kwa kufuata tarehe: nani kazaa, nani kauzwa, nani kapewa dawa, nani kafa. Ya tatu ni kurasa za chanjo, ukurasa mmoja kwa kila siku ya kuchanja. Sehemu hizo zinaunganishwa na namba ya mnyama. Madaftari mengi niliyowahi kuonyeshwa yana matukio tele, lakini hayasemi yamempata nani. "Mbuzi mmoja amekufa." "Tumeuza wawili." "Wamechanjwa." Miezi sita baadaye maneno hayo hayakusaidii chochote, kwa sababu huwezi kuyarudisha kwa mnyama aliye mbele yako.

Kwa hiyo tuanze na namba. Kwa kundi lako, namba ya tarakimu nne inatosha: mbili za kwanza ni mwaka wa kuzaliwa, mbili za mwisho ni zamu yake katika mwaka huo. Mbuzi wa saba kuzaliwa mwaka 2025 ni 2507. Ukimwona hereni akiwa malishoni, unajua papo hapo kwamba ni wa 2025, hata daftari likiwa nyumbani. Namba ikishatolewa haitolewi tena kwa mwingine, hata kama mwenyewe alikufa akiwa na siku mbili. Hili nalisisitiza kwa sababu watu huona ni uharibifu kuiacha namba ikae bure. Nimewahi kukuta zizi lenye namba 12 iliyovaliwa na mbuzi watatu kwa zamu katika miaka minne. Kwenye daftari, 12 alikuwa amekufa, akazaa pacha, kisha akauzwa. Hakuna aliyeweza kutenganisha habari zao.

Hereni ya plastiki huwekwa kwa koleo lake katikati ya sikio, mahali palipo baina ya mistari miwili ya gegedu, karibu zaidi na kichwa kuliko ncha, ukikwepa mishipa ya damu unayoiona ukiliangalia sikio dhidi ya mwanga. Ukiiweka nje sana kwenye ncha, mwiba wa kwanza utaing'oa. Andika namba kwa wino maalumu wa hereni, kwa sababu kalamu ya kawaida hufutika kwa jua. Hata hivyo hereni zitadondoka tu, ndiyo maana kwenye mstari wa mnyama unaandika pia sura yake: "jike, mweusi, doa jeupe paji la uso, pembe ya kushoto imevunjika ncha, mama yake 2204." Hereni ikipotea, mnyama anatambulika kwa maelezo hayo na anavalishwa nyingine yenye namba ileile. Kama umeshapata hereni za serikali, kwa mfano zile za kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa Bariadi mwaka 2025, usiziondoe na wala usiache namba yako fupi. Andika zote mbili kwenye mstari mmoja. Ile ndefu ndiyo itakayotafutwa na afisa, na ile fupi ndiyo utakayoitumia wewe zizini kila siku.

Watoto usisubiri wavae hereni ndipo uwaandike. Kitoto cha mbuzi kinapata namba siku kinapozaliwa, daftarini, na shingoni unakifunga kitambaa au kamba laini yenye kibao cha namba mpaka sikio lipate nguvu ya kubeba hereni. Wafugaji wengi huandika mtoto pale anapovalishwa hereni akiwa na miezi miwili au mitatu, na wale waliokufa wiki ya kwanza hawaonekani popote. Daftari la namna hiyo litakuambia vifo vya watoto ni vichache, kumbe jike mmoja huenda amezaa mara tatu na hajakuza hata mmoja.

Sasa umri. Usiandike umri kabisa. Andika tarehe ya kuzaliwa. Ukiandika "miezi 5" leo, mwezi ujao maneno hayo si kweli tena, na atakayesoma hatajua miezi hiyo mitano ilikuwa ya lini. Tarehe haichakai.

Kwa mbuzi wa kununua, au hawa ulionao ambao hujui walizaliwa lini, fungua mdomo. Mbuzi hana meno ya mbele juu. Anayo manane ya chini. Yote manane yakiwa madogo ya utoto, bado hajatimiza mwaka au ndiyo kwanza anautimiza. Jozi ya katikati hung'oka na kupisha meno mawili makubwa akiwa na mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Makubwa manne ni kama miaka miwili, sita ni kama mitatu, na yakitimia manane ana takriban miaka minne. Baada ya hapo meno hayakuambii miaka kwa uhakika, yanakuambia uzee tu, kwa jinsi yanavyoachana, kulika na kung'oka. Andika ulichokiona pamoja na siku uliyokiona: "meno makubwa mawili, 5/10/2025, kadirio amezaliwa katikati ya 2024." Weka herufi K kando ya tarehe ili ujue daima kwamba hili ni kadirio, lile lingine ni hakika.

Tarehe hizo ndizo zinazoamua chanjo, na hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa ndipo swali la afisa wako lilipogusa.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwa mama mmoja wilayani Bahi aliyepoteza mbuzi saba ndani ya wiki tano, Oktoba na Novemba 2024. Walianza na makamasi mazito na macho yenye tongotongo, vikafuata vidonda mdomoni, kikohozi na kuhara. Sampuli zilithibitisha ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Mama yule alikuwa na uchungu mkubwa, kwani Machi mwaka huohuo alilipa pesa yake mbuzi wakachanjwa dhidi ya ugonjwa huohuo. Alikuwa ameshaapa kwamba hatachanja tena, ile chanjo ilikuwa maji matupu. Na majirani walikuwa wanamsikiliza.

Daftari lake liliandika "9/3/2024 mbuzi wamechanjwa sotoka." Basi. Lakini mwanawe aliyekuwa sekondari alikuwa na tabia nzuri ya kuandika siku kila mtoto alipozaliwa na mama yake ni nani, na mama mwenyewe alikuwa ametunza stakabadhi ya chanjo ndani ya mfuko wa nailoni. Tukakaa chini ya mwembe na vitu hivyo viwili. Stakabadhi ilisema dozi 24. Tukahesabu kutoka kwenye maandishi ya kijana: tarehe 1 Januari walikuwepo 25, akazaliwa mmoja tarehe 18 Januari, hakuna aliyetoka. Siku ya chanjo zizi lilikuwa na mbuzi 26. Wawili walikuwa wapi? Mama akafikiri, akakumbuka: majike wawili walikuwa kwa shemeji yake, wamepelekwa kupandwa na beberu wa kule.

Kisha tukawapanga wale saba waliokufa. Watano walizaliwa kati ya Aprili na Juni, yaani baada ya siku ya chanjo. Mmoja alikuwa ni kati ya wale majike wawili wa kwa shemeji. Wa saba ndiye aliyetushughulisha, kwa kuwa alichanjwa kweli: ni yule wa tarehe 18 Januari. Siku ya chanjo alikuwa na siku 51. Mtoto wa umri huo, kama mama yake aliwahi kuchanjwa au kuugua, bado anabeba kinga aliyoipata kwenye maziwa ya kwanza, na kinga hiyo huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Baadaye kinga ya mama inaisha, na yake mwenyewe haikuwahi kujengeka. Ndiyo sababu watoto wa majike waliochanjwa husubiri wafike takriban miezi minne.

Kati ya wale 23 wengine waliopata sindano siku ile, hakufa hata mmoja. Chanjo ilifanya kazi yake vizuri. Ila daftari lilikuwa limeficha hilo, kwa neno moja lililowafunika wote, waliochanjwa na wasiochanjwa.

Kutokana na hilo, ukurasa wako wa chanjo uwe hivi. Juu andika tarehe, ugonjwa, jina la chanjo kama lilivyo kwenye chupa (ya sotoka utaona herufi PPR), namba ya bechi, tarehe ya kuisha muda wake, na jina la aliyechanja. Ongeza neno moja kuhusu ilivyofika: ilikuwa kwenye kasha la barafu au mfukoni mwa koti? Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na ile ya sotoka ikishachanganywa na maji yake inapaswa kumalizwa haraka, ikiwa kivulini na kwenye barafu. Ikiwa walichanganya saa mbili asubuhi na kwako wakafika saa tisa alasiri, liandike. Bechi nalo lina maana yake: siku chanjo ikitiliwa shaka, namba hiyo ndiyo inayomwezesha daktari kuwatafuta wengine waliochanjwa kwa bechi ileile.

Chini yake orodhesha namba za waliochanjwa, moja moja, unavyowatoa mlangoni. Halafu chora mstari, na chini ya mstari uandike walioachwa na sababu: "2509, ana wiki sita. 2311, anaumwa, ana homa. 2204, yuko kwa kaka." Jumla ya juu na ya chini lazima ilingane na idadi ya mbuzi ulionao siku hiyo. Kama hailingani, kuna mbuzi hujamwona, na ni heri ulijue hilo wakati mchanjaji hajafunga kasha lake.

Walioachwa wanahamia kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, ninaouita wanaosubiri. Huko pia unamwingiza kila mtoto siku anapozaliwa, pamoja na tarehe atakayotimiza miezi minne. Aliyezaliwa 12 Aprili anaandikiwa 12 Agosti. Ukurasa huo una kazi nyingine ambayo watu hawaitarajii. Chanjo ya sotoka huja kwenye chupa za dozi nyingi, na ukishaifungua huwezi kuiweka kwa ajili ya kesho. Mfugaji mwenye watoto sita hawezi kununua chupa peke yake, anaishia kungoja kampeni, na wale watoto wanangoja naye wakiwa hawana kinga. Lakini ukiwa na orodha yenye majina sita na jirani zako wanne wakiwa na zao, mnamwendea afisa mifugo mkiwa na idadi kamili mkononi. Naye huja, kwa sababu safari yake ina hesabu.

Sindano moja ya sotoka kwa mbuzi aliyefikisha umri humkinga miaka mitatu au zaidi. Homa ya mapafu ya mbuzi na kimeta ni za kila mwaka, pale ambapo magonjwa hayo yapo. Huko kwenu afisa mifugo ndiye anayejua ipi inahitajika. Wewe kazi yako ni kumwonyesha tarehe.

Twende kwenye wale 31 na 28. Sina daftari lako mbele yangu, lakini tofauti ya namna hii nimeiona mara nyingi, na mara chache huwa ni mwizi. Chukulia kwamba tarehe 1 mwezi uliopita mlikuwa na 31. Wakazaliwa wanne, mkanunua mmoja, mkauza watatu, wakafa wawili. Walioingia ni watano, waliotoka ni watano, kwa hiyo mwanao anasema 31, na kwa alichokiandika yuko sahihi. Kisha mnahesabu mnapata 28. Ukiwauliza wa nyumbani taratibu, inatoka: mmoja alichinjwa wageni walipokuja, mmoja alikwenda kwenye mahari ya binamu, na mmoja mchungaji alipewa kama ujira wake wa miezi ile. Hakuna aliyeficha kitu. Rejista ndiyo ilikuwa na milango miwili tu ya kutokea, kuuzwa na kufa, wakati zizi la Kiafrika lina milango mingi zaidi.

Kwa hiyo safu ya kutoka iwe na nafasi ya kuandika ameuzwa, amekufa, amechinjwa nyumbani, ametolewa (mahari, zawadi, sadaka, ujira) au amepotea. Kila anayetoka anaandikwa kwa namba yake na tarehe. Halafu mara moja kwa mwezi, siku ileile kila mwezi, simama mlangoni alfajiri kabla hawajatoka, mmoja asome hereni na mwingine aweke alama kwenye orodha ya walio hai. Usihesabu vichwa tu. Vichwa 28 vinaweza kulingana na hesabu huku mbuzi wa jirani akiwa ndani na wako akiwa kwa jirani. Ukisoma namba, utajua kwamba anayekosekana ni 2231, na swali la kuuliza nyumbani linakuwa jepesi: nani alimwona 2231 mara ya mwisho?

Anayeuzwa aandikiwe na bei, jina la mnunuzi na anakotoka, na namba ya kibali cha kusafirisha kama kimetolewa. Mnunuzi akirudi wiki mbili baadaye akidai umemuuzia mgonjwa, au polisi wakimkamata mtu na mbuzi wako mnadani, ukurasa huo ndio utakaokusemea. Kuna jambo la pili ambalo mauzo yanalihitaji, nalo ni dawa. Kila mbuzi anayedungwa dawa aandikwe jina la dawa, kiasi, na siku za kusubiri zilizo kwenye lebo kabla nyama au maziwa hayajaliwa. Tuseme beberu 2402 alidungwa dawa ya kuua vijidudu tarehe 2 Desemba, na lebo ya chupa hiyo inasema siku 28 kwa nyama. Siku hizo zinaisha tarehe 30. Mteja wa Krismasi akija tarehe 20 akamchagua huyohuyo kwa kuwa amenona, jibu ni hapana, mpe mwingine. Bila daftari utakuwa umesahau kabisa ile sindano, kwani beberu amepona na anaruka.

Vifo ndivyo vinavyoandikwa vibaya kuliko vyote, na naelewa kwa nini. Mtu akipoteza mnyama hana hamu ya kushika kalamu. Lakini andika siku hiyohiyo, na andika ulichokiona, usiandike jina la ugonjwa unalolidhani. "Amekufa kwa homa ya mapafu" kumbe hakuna aliyemchunguza: maneno hayo yatampotosha daktari ajaye. Andika hivi: "2508, siku tatu hakula, alikohoa, makamasi meupe, kuhara siku ya mwisho. Amekutwa amekufa asubuhi. Hakupasuliwa. Amezikwa." Neno hilo, amepasuliwa au hakupasuliwa na nani alimpasua, liwepo kila mara. Na mnyama aliyekufa ghafla akiwa mzima jana, tumbo linavimba upesi, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au njia ya haja, usimpasue, usimchune, na nyama yake isiguswe. Hicho kinaweza kuwa kimeta, ambacho huua na watu. Zuia mbwa, mwite afisa mifugo, na mzoga uzikwe kwa kina cha kama mita mbili au uchomwe kwa maelekezo yake. Kisha andika mahali alipozikwa, kwa kuwa vimelea vyake hukaa udongoni miaka mingi, na mtu asije akachimba hapo au kulisha hapo.

Mwisho wa mwaka chukua vifo vyote uvipange kwa umri wa aliyekufa na kwa mama yake. Ukiona vingi viko chini ya wiki moja, angalia kitovu, maziwa ya kwanza na baridi ya zizi. Vikiwa kati ya miezi mitatu na sita, rudi kwenye ukurasa wa wanaosubiri, kisha uangalie minyoo. Na ukikuta watoto watatu waliokufa wana mama mmoja, mchunguze kiwele chake, na pengine zamu yake ya kwenda mnadani imefika.

Ng'ombe wako wawili wape kurasa zao, kila mmoja ukurasa mzima, maana wana mambo mengi: kupandishwa, kuzaa, maziwa. Nitasema mawili tu kwa upande wa chanjo. Ndigana kali huchanjwa mara moja maishani, kwa hiyo tarehe hiyo ikipotea mtu anaweza kulipia mara ya pili bure, au ukauza mtamba kwa bei ya asiyechanjwa. Na akizaliwa ndama jike, chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba iitwayo S19 hutolewa akiwa na miezi mitatu hadi minane. Ukichelewa, dirisha hilo limefungwa. Kwa hiyo tarehe yake ya kuzaliwa iingie kwenye ukurasa wa wanaosubiri siku hiyohiyo.

Sasa simu. Daftari linaandikwa zizini mikono ikiwa na mavi, haliishiwi chaji, na mchungaji au mke au mtoto anaweza kuandika ndani yake. Libaki kuwa la asili. Simu itumie kwa kazi mbili. Kila mwisho wa mwezi, baada ya kusoma hereni, piga picha za kurasa ulizoandika na umtumie mtu mmoja unayemwamini. Daftari likiliwa na mchwa au kulowana, bado unayo. Kazi ya pili, kama mwanao anaipenda, ni kunakili orodha ya wanyama kwenye jedwali la simu ili ihesabu umri na zamu za chanjo yenyewe. Tarehe ya kuzaliwa ikiwa safu ya C na chanjo ya mwisho safu ya F, anaandika hivi kwenye mstari wa pili:

```
=DATEDIF(C2,TODAY(),"m")
=EDATE(F2,12)
```

Ya kwanza inatoa umri kwa miezi, na inajisahihisha kila siku. Ya pili inatoa tarehe ya zamu ijayo kwa chanjo ya kila mwaka; ikionekana namba tupu, aipange safu hiyo ionyeshe tarehe. Kwa sotoka, badala ya 12 aweke 36. Kabla ya kuingiza chochote, ajaribu kwanza kuandika 3/4/2025 aone simu inaielewaje. Simu nyingi zimepangwa kwa mtindo wa Kimarekani na zitasoma tarehe 4 Machi badala ya 3 Aprili, na kosa hilo halionekani kwa macho mpaka mtoto achanjwe kabla ya wakati. Akiandika 2025-04-03, mwaka kwanza, utata unaondoka.

Kalamu iwe ya wino, na anapokosea mtu achore mstari mmoja juu ya kosa, aandike sahihi pembeni. Asifute kwa kifutio wala kuchana ukurasa. Mbuzi aliyetoka pia hafutwi kwenye orodha: mstari wake unabaki na tarehe aliyotoka, kwa sababu binti zake bado wako zizini na bado wanamtaja kama mama.

Chagua Jumamosi moja alfajiri, wewe na mwanao. Wavalisheni hereni 28, fungueni midomo, andikeni sura na meno, na kwenye safu ya chanjo ya kila mmoja ambaye hamna uhakika naye, andikeni "haijulikani". Msibahatishe. Kisha mpelekee afisa mifugo idadi ya hao wasiojulikana. Mbuzi aliyewahi kuchanjwa sotoka akichanjwa tena hadhuriki, kwa hiyo atawachukulia wote kuwa bado, na hiyo itakuwa tarehe ya kwanza ya kweli kwenye rejista yako.